Usafishaji wa lenzi za miwani (Eastlands, Nairobi)

Usafishaji wa lenzi za miwani ni kuondoa vumbi na mafuta ya ngozi bila kukwaruza utando uliopakwa juu ya lenzi. Katika mitaa yenye vumbi ya Eastlands, kama vile Kayole, Umoja na Dandora, kanuni kuu ni maji kwanza, kitambaa baadaye.

Utando na vumbi

Lenzi nyingi za siku hizi ni za plastiki. Hupakwa utando mgumu wa kupunguza mikwaruzo, na nyingine huongezewa matabaka ya kuzuia mng'ao ambayo kwa pamoja hayafiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukiinamisha miwani ya aina hiyo chini ya taa, rangi ya kijani au zambarau inayocheza juu ya lenzi hutokana na matabaka hayo. Vumbi la barabarani nalo huwa na chembe za kwatzi, madini magumu kuliko kisu cha chuma. Abiria anayeshuka matatu kando ya Outering Road akafuta miwani kwa upindo wa fulana huziburuta chembe hizo juu ya lenzi. Hata kitambaa laini kabisa hukwaruza lenzi ikiwa vumbi halijasuuzwa.

Namna ya kuosha

Mfereji ukikauka, kikombe kimoja cha maji baridi hutosha. Nawa mikono, kisha mimina nusu ya maji polepole pande zote mbili ili vumbi litiririke. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usugue taratibu kwa ncha za vidole, hasa kwenye ukingo wa fremu na vishikio vya pua, panapojificha uchafu. Suuza kwa maji yaliyobaki, kung'uta, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi cha maikrofaiba. Maji ya chumvi ya kisima huacha madoa meupe yakikauka, kwa hiyo suuza ya mwisho yafaa ifanywe kwa maji ya mvua au ya mfereji. Kitambaa kifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huacha mafuta, na kianikwe ndani badala ya kwenye kamba ya nje.

Vya kuepuka

Karatasi ya shashi na taulo ya jikoni hukwaruza. Jiki, siki na dawa ya vioo yenye amonia hudhoofisha utando. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha huweza kuyeyusha baadhi ya plastiki. Maji moto hutanua plastiki kuliko utando, ukapasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui. Dawa ya meno na magadi hayaondoi mikwaruzo: husaga utando uliobaki. Lenzi iliyopasuka au kubambuka utando haioshwi ikapona, hubadilishwa.