Baiti 256: historia ya mzigo mdogo wa arifa za simu

Leo tuzungumzie kitu ambacho kila mwenye simu hukiona mara kadhaa kwa siku bila kukifikiria: arifa, ule ujumbe mfupi unaochomoza juu ya skrini hata kama programu yenyewe umeifunga. Kwa watengenezaji wa programu, arifa imekuwa na swali moja tangu mwanzo: ni nini kiandikwe ndani ya arifa yenyewe, na ni nini programu ikachukue kwenye seva ikishafunguliwa? Jibu lilianza kwa kulazimishwa na kikomo cha ukubwa. Kikomo kimelegezwa mara kadhaa, lakini jibu halijabadilika sana, na historia yenyewe inatuonyesha kwa nini.

Turudi Juni 2008. Apple walikuwa hawaruhusu programu za watu wengine kuendelea kufanya kazi kwenye iPhone baada ya mtumiaji kuzifunga, kwa sababu zingemaliza betri. Wakaahidi njia nyingine: simu ingeshikilia muunganisho mmoja tu na seva za Apple, na kila mwenye programu angepitisha ujumbe wake hapo. Ahadi ilikuwa Septemba mwaka huo. Huduma ilifika Juni 2009, pamoja na iPhone OS 3.0, ikiwa na sharti moja kali: mzigo, yaani maandishi yote yanayobebwa ndani ya arifa, usizidi baiti 256. SMS moja hubeba baiti 140, kwa hivyo tunazungumzia kitu kisichofika SMS mbili. Na si maneno yako peke yake yanayohesabiwa. Mabano, alama za nukuu na majina ya sehemu za JSON yote yamo ndani ya hesabu.

Tuchukue mfano. Tuseme tuna programu ya chama cha akiba. Mwanachama akitoa mchango, wenzake wapate arifa. Mtu anayeanza angeandika hivi:

```
{"aps":{"alert":"Wanjiku ametoa mchango wa KSh 2,000. Jumla ya chama sasa ni KSh 48,500.","badge":3,"sound":"default"}}
```

Hizo ni baiti 119. Maneno ya kusomwa ni 71 tu; zilizobaki 48 ni mabano, nukuu, nambari ya kuonyesha kwenye ikoni na mlio. Tunaweza kusema hapa hakuna shida, tuko mbali na 256. Lakini mweka hazina anataka jina la benki liongezwe, mwenyekiti anataka orodha ya watu watano waliochanga mwisho, na mwingine anataka picha ya risiti. Orodha ya watu watano peke yake inatosha kumaliza nafasi iliyobaki.

Kiswahili chetu kina bahati hapa, kwa sababu kila herufi yake ni baiti moja. Herufi za Kiarabu huchukua baiti mbili kila moja, na za Kiamhari tatu. Zaidi ya hapo, seva nyingi za miaka hiyo ziliandikwa kwa PHP, na `json_encode` ya PHP, usipoiambia vingine, hugeuza kila herufi ya namna hiyo kuwa alama sita, kama `\u0645`. Kwa hivyo maneno yaleyale yaliyotosha kwa Kiswahili yangeweza kupita kikomo kwa Kiarabu, na mtengenezaji aliyefanya majaribio kwa lugha moja tu asijue kamwe.

Na kupita kikomo kulikuwa na adhabu ya ajabu. Katika mtindo wa kwanza wa kutuma, Apple hawakurudisha jibu lolote la kosa. Walikata muunganisho, basi. Arifa ulizokuwa umezituma nyuma ya ile yenye kosa, kwenye muunganisho uleule, nazo zikapotea. Dalili ilikuwa ya kuchanganya: watu wasiohusika kabisa na ujumbe mrefu ndio waliolalamika kwamba hawapati arifa. Baadaye ukaja mtindo mwingine ambao kabla ya kukata ulirudisha nambari, na 7 ilikuwa na maana kwamba mzigo umezidi ukubwa. Mfumo huo wa zamani ulifungwa Machi 2021. Leo kosa hilo hurudi waziwazi kama jibu la HTTP namba 413, likiwa na neno `PayloadTooLarge`, na arifa nyingine zinaendelea.

Apple wenyewe walitoa njia ya kubana. Badala ya kutuma sentensi nzima, unatuma jina la sentensi ambayo tayari imo ndani ya programu, pamoja na maneno ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Arifa yetu inakuwa hivi:

```
{"aps":{"alert":{"loc-key":"M","loc-args":["Wanjiku","2,000"]},"badge":3,"sound":"default"},"c":214,"m":9071}
```

Na ndani ya simu kuna mstari huu:

```
"M" = "%@ ametoa mchango wa KSh %@.";
```

Sasa ni baiti 109, na tumeongeza vitu viwili ambavyo havikuwamo: `c` ni namba ya chama na `m` ni namba ya mchango. Vilevile sentensi inaonekana kwa lugha ambayo mwenye simu ameichagua. Lakini angalia tulichokiondoa: jumla ya chama. Hatukuiondoa kwa sababu ya nafasi, kwani ingetosha. Tuliiondoa kwa sababu arifa si mahali pa kuweka ukweli wa hesabu, na hili ndilo jambo lenyewe ninalotaka tulielewe.

Tuseme simu ya Otieno inaonyesha jumla ya KSh 44,500, kisha inaishiwa na chaji usiku. Inapokuwa imezimika watu watatu wanachanga: 1,000, tena 1,000, halafu Wanjiku 2,000. Seva inajua jumla ni 48,500. Lakini katika miaka hiyo, simu isipopatikana, Apple walimtunzia arifa moja tu ya mwisho kwa kila programu. Asubuhi Otieno anawasha simu na kupata ya Wanjiku peke yake. Ikiwa programu inajumlisha kutokana na arifa, itamwonyesha 46,500. Elfu mbili zimepotea kwenye skrini, na katika chama, elfu mbili zikipotea mtu fulani atashukiwa.

Kuna jambo baya zaidi. Otieno akifungua programu kwa kugusa ikoni yake badala ya kugusa arifa, programu ya iPhone ya wakati huo haikupewa mzigo wa arifa hata kidogo. Ulichokiandika mle ndani hakikuifikia. Ndiyo sababu namba ya mchango inatosha: Otieno akigusa arifa, `m` inampeleka moja kwa moja kwenye mchango wa Wanjiku; akigusa ikoni, programu inaiuliza seva tu, "nipe kila kitu baada ya mchango wa mwisho nilio nao." Kwa njia zote mbili anaona 48,500. Na dalili ya programu iliyokosea hapa ni rahisi kuitambua: waliokuwa hewani usiku kucha wanakubaliana na seva, waliozima simu ndio wenye jumla tofauti.

Google walianza na huduma yao mwaka 2010, pamoja na Android 2.2. Iliitwa C2DM, na kikomo chake kilikuwa baiti 1,024. Maelezo yao yalisema wazi kwamba haikukusudiwa kubeba maudhui mengi ya mtumiaji, bali kuiambia programu kwamba kuna kitu kipya kwenye seva ili ikakichukue. Walikuwa pia na `collapse_key`: arifa zenye ufunguo mmoja zikirundikana huku simu imezimwa, hubaki moja tu. Ukiwa unatuma "kuna mapya", hilo ni jambo zuri, kwa sababu "kuna mapya" mara tatu ni sawa na mara moja. Ukiwa unatuma michango yenyewe, ni hasara.

Kisha milango ikaanza kupanuka. Mwaka 2012 GCM ilichukua nafasi ya C2DM ikiwa na baiti 4,096, na hicho ndicho kiwango cha FCM iliyofuata mwaka 2016. Apple walipanda hadi baiti 2,048 wakati wa iOS 8 mwaka 2014, kisha 4,096 mwishoni mwa 2015 walipoleta njia mpya ya HTTP/2. Baiti 4,096 zinatosha ukurasa mzima wa maandishi, na wengi walianza kujaza humo kila kitu.

Kwa haki, walikuwa na sababu. Ukiacha kila kitu kwenye seva, mtu anafungua programu akiwa ndani ya matatu, mtandao umekatika, na anakutana na skrini tupu. Ndiyo maana iOS 7 ya mwaka 2013 iliruhusu arifa ya kimya inayoiamsha programu ikachukue data kabla mtu hajaifungua, ingawa simu inaweza kuichelewesha au kuiacha kabisa. Na iOS 10 ya mwaka 2016 ilileta kipande kidogo cha programu kinachopewa takriban sekunde 30 kuibadilisha arifa kabla haijaonyeshwa, kwa mfano kuchukua picha au kufungua maneno yaliyofichwa kwa siri. Kikishindwa, maneno ya awali ndiyo yanayoonyeshwa. Kwa hivyo maneno hayo ya awali lazima yajitosheleze.

Sababu ya mwisho ya kubana haihusu ukubwa. Desemba 2023 Seneta Ron Wyden wa Marekani aliiandikia Wizara ya Sheria ya nchi yake barua, akieleza kwamba serikali zilikuwa zikidai kumbukumbu za arifa kutoka kwa Apple na Google. Arifa zote hupitia kwao. Jina la Wanjiku na kiasi alichotoa, ukiviandika bila kuvificha, navyo vinapitia huko.

Kwa programu yetu ya chama basi, mgawanyo unakuwa hivi. Ndani ya arifa: sentensi moja inayoeleweka peke yake hata mtandao ukikatika, na namba za kumfikisha mtu mahali panapohusika. Kwenye seva: jumla, orodha, picha, na kila kinachoweza kubadilika kati ya kutumwa na kusomwa.

Ukitaka kujua kama programu yako iko sawa, jaribio lake halihitaji kifaa chochote maalum. Zima simu. Weka michango mitatu kutoka simu nyingine. Iwashe, iache arifa ilivyo, na ufungue programu kwa ikoni. Ukiona jumla ileile iliyoko kwenye seva, umegawanya vizuri. Ukiona jumla nyingine, kuna hesabu uliyoiweka ndani ya arifa.