Malkia wa Vikombe (karata ya nafsi)

Malkia wa Vikombe ni mojawapo ya karata 78 za taroti. Kundi lake, ambalo katika karata za kawaida ni kopa, husomwa kama kundi la hisia. Anapoangukia nafasi ya nafsi, yaani ile inayomweleza muulizaji mwenyewe, wasomaji wengi humsifu: mpole, msikivu, mwenye huruma. Hiyo ni nusu tu ya habari. Huyo huyo aweza kuwa mtu aliyebeba hisia za mwenzi wake hadi zake zimempotea.

Mchoro wake unaojulikana zaidi ni wa Pamela Colman Smith, aliyeuchora kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Seti yenye mchoro huo ilitoka London mwaka 1909. Malkia ameketi kwenye kiti cha enzi ukingoni mwa maji, kokoto za rangi zimetapakaa miguuni pake, na macho yote ameyaelekeza kwenye kikombe chenye mfuniko. Vikombe vingine vya kundi hilo viko wazi.

Aleister Crowley alitoa kidokezo kikubwa zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1944 alieleza kwamba ni vigumu kumjua malkia huyu alivyo hasa, kwa kuwa humwakisi yeyote anayemtazama. Ajabu ni kwamba Waite hakugusia uchovu wa kutoa kupita kiasi. Alipoieleza karata ikiwa kichwa chini, alitaja, pamoja na mengine, mwanamke asiyeaminika. Maana ya mlezi aliyeelemewa imeshika zaidi kwa wasomaji wa baadaye.

Katika Msalaba wa Kikelti, mpangilio wa karata kumi uliofafanuliwa na Waite, karata ya saba ni nafsi na ya nane ni nyumba, yaani watu na mambo yanayomzunguka muulizaji. Tuseme mwanamke anauliza kwa nini yuko hoi tangu mumewe aachishwe kazi. Ya saba inatoka Malkia wa Vikombe. Ya nane, Vikombe Vitano: mtu wa joho jeusi anayetazama vikombe vitatu vilivyomwagika, huku viwili vimesimama nyuma yake. Msomaji mwenye pupa atasema mwanamke ana majonzi. Lakini majonzi yametua kwenye nafasi ya nyumba. Ni ya mume, mke anayaakisi.

Usomaji huo hupimwa kwa swali la kawaida kabisa: jana, kabla mume hajaingia, mke alikuwa na hali gani? Akijibu kwamba alikuwa akipika huku anaimba, kisha akanyamaza aliposikia mlango, tafsiri ina mashiko. Akisema huzuni haimbanduki hata akilala wiki nzima kwa dada yake, tafsiri imeanguka. Huzuni hiyo ni yake mwenyewe, na ikimzidi, ni ya kupelekwa kwa daktari. Karata haina uwezo wa kuitambua sonona, wala haiwezi kushuhudia yaliyomo moyoni mwa mume ambaye hayupo mezani.