Kisukari: Nani apimwe, tangu umri gani na baada ya muda gani

KATIKA uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukizwa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015, karibu watu tisa kati ya kila kumi walisema hawajawahi kupimwa kiwango cha sukari katika damu. Wengi wao pengine hawakuwa na haja ya kupimwa mwaka huo. Hata hivyo, miongoni mwao hawakukosa watu waliostahili kupimwa miaka mingi kabla, na mtu hawezi kujitambua kwa kujitazama kwenye kioo.

Hiyo ndiyo hila ya kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata watu wazima zaidi. Kinaweza kukaa mwilini kwa miaka bila maumivu wala dalili yoyote, huku sukari ikiharibu polepole mishipa midogo ya macho, figo na neva za miguu. Baadhi ya wagonjwa hugundua wana maradhi haya siku wanapokwenda hospitalini kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona.

Swali la kwanza huwa ni umri. Kwa miaka mingi Chama cha Kisukari cha Marekani kilishauri kila mtu aanze kupimwa akiwa na miaka 45. Katika mwongozo wake wa mwaka 2022, chama hicho kilishusha umri huo hadi miaka 35, kwa watu wote, wanene kwa wembamba. Mwaka uliotangulia, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga ya maradhi lilikuwa limechagua umri huo huo wa 35, ingawa lenyewe lilitaja tu watu wenye uzani wa kupita kiasi, tena hadi umri wa miaka 70.

Basi mtu aliyefikisha miaka 35 hahitaji sababu nyingine ya kupimwa. Aliye chini ya hapo anahitaji kuwa na sababu, na kwa kawaida hutazamwa mambo mawili kwa pamoja: uzani wake, na kama kuna jambo jingine linalomweka hatarini.

Uzani hulinganishwa na kimo. Kilo za mtu hugawanywa kwa kimo chake katika mita, kisha jibu hugawanywa tena kwa kimo hicho hicho. Likifika 25 au zaidi, uzani umepita kiasi. Kwa Wakenya wenye asili ya Kihindi mpaka huo hushushwa hadi 23, kwa kuwa watu wa asili hiyo hupatwa na kisukari wakiwa na uzani mdogo zaidi.

Jambo la pili huwa ni shinikizo la damu, maradhi ya moyo au kiharusi, mafuta mabaya katika damu, maisha ya kukaa bila kazi ya mwili, au maradhi ya ovari yanayovuruga hedhi ya mwanamke. Ngozi nayo huweza kutoa ushahidi. Weusi mzito unaojitokeza shingoni na kwapani, wenye mguso kama wa mahameli na usiotoka kwa sabuni, mara nyingi ni alama kwamba insulini ya mwili haifanyi kazi ipasavyo. Watu wengi huudhania kuwa uchafu.

Ukoo nao una uzito mkubwa. Kinachohesabiwa ni mzazi, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, au mtoto aliye na kisukari. Tatizo ni kwamba katika jamaa nyingi ugonjwa huo haukuwahi kutajwa kwa jina. Muuguzi anayeuliza tu, "Je, kwenu kuna kisukari?" huenda akajibiwa hapana. Heri aulize kama kuna mzazi aliyekatwa mguu, aliyepofuka utu uzimani, au aliyekuwa akiamka mara nyingi usiku kwenda msalani.

Kigezo cha uzani kina kasoro yake hapa kwetu. Utafiti uliofanywa nchini Uganda umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili si wanene. Kwa sababu hiyo, mtu mwembamba mwenye mzazi mgonjwa na shinikizo la damu hastahili kurudishwa nyumbani kwa kuwa tu mizani haikumshtaki.

Lipo kundi jingine ambalo halisubiri umri wala uzani, nalo ni la wanawake waliopata kisukari wakati wa ujauzito. Kwa wengi wao sukari hushuka mara tu mtoto anapozaliwa, na wakaambiwa wamepona. Ukweli ni kwamba hatari yao ya kupata kisukari cha kudumu baadaye inakaribia mara kumi ya ile ya wanawake ambao sukari yao haikupanda wakiwa wajawazito.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 31, mwenye kilo 72 na kimo cha mita 1.58. Uwiano wake ni 28.8. Katika wiki ya 26 ya ujauzito alipimwa kabla ya kula na kupatikana na sukari ya milimoli 5.4 kwa lita. Kwa mtu asiye mjamzito kiwango hicho si cha kutisha, lakini kwa mjamzito mpaka ni 5.1, hivyo alikuwa na kisukari cha ujauzito. Alijifungua salama mtoto wa kilo 4.2.

Mwanamke huyo anapaswa kupimwa tena kati ya wiki ya nne na ya 12 baada ya kujifungua. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto hurudishwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki sita, kumi na 14, na mama yuko pale pale akiwa amempakata, lakini kitabu kinachofunguliwa ni cha mtoto. Akiambiwa mapema aje siku ya chanjo bila kula tangu usiku, hatalazimika kufunga safari nyingine.

Kipimo kinachofaa ni kile cha kunywa glukosi. Hutolewa damu kwanza, kisha mama hunywa gramu 75 za glukosi zilizoyeyushwa katika maji, akae kitako, na baada ya saa mbili atolewe damu tena. Tuseme majibu ya mwanamke huyu ni 5.7 kabla ya kunywa na 8.3 baada ya saa mbili.

Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu hitilafu kabla ya kula kuanzia 6.1, na Wamarekani kuanzia 5.6. Kituo kinachofuata mpaka wa kwanza, na ambacho kingepima kabla ya kula pekee, kingemwambia yuko sawa. Jibu la saa mbili ndilo linalomfichua: kuanzia 7.8 hadi 11.0 ni hali ya kukaribia kisukari, na 11.1 kwenda juu ni kisukari chenyewe. Yeye sasa ni wa kupimwa kila mwaka. Kama jibu la pili lingekuwa 6.9 na lile la kwanza 5.0, angepimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote. Na akitaka mimba nyingine, apimwe kabla ya kuipata au katika ziara ya kwanza kliniki, asingoje wiki ya 24.

Kwa watu wengine kanuni ya muda inafanana na hiyo. Jibu la mwisho ndilo linaloamua tarehe ijayo. Aliyepatikana sawa hurudi baada ya miaka mitatu, kwa sababu kongosho huchoka polepole na ni nadra mtu kutoka hali ya kawaida hadi kisukari kizito kabla ya muda huo. Kumpima kila mwezi ni kumaliza vijiti vya kupimia ambavyo mwingine angevihitaji. Arudi mapema ikiwa ameongeza uzani, amepatikana na shinikizo la damu, au ameanzishiwa dawa za steroidi kwa muda mrefu. Aliye karibu na kisukari hurudi kila mwaka.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wana ratiba yao, kwani baadhi ya dawa za kupunguza makali huweza kupandisha sukari. Hupimwa kabla ya kuanza dawa, miezi mitatu hadi sita baadaye, kisha kila mwaka, na hali kadhalika wanapobadilishiwa dawa.

Jibu lenyewe huweza kudanganya. Katika kambi za bure zinazoandaliwa kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, watu huchomwa kidole wakiwa wametoka kunywa chai. Sukari ya 8.9 saa moja baada ya chai na mandazi haithibitishi ugonjwa, wala haimwondolei mtu shaka. Imwelekeze kupimwa kabla ya kula, baada ya angalau saa nane bila chakula. Aliyemenya embe na kuchomwa kidole bila kunawa anaweza kupata jibu la juu kwa sababu ya sukari iliyo kwenye ngozi. Mtu asiye na dalili hatangazwi mgonjwa kwa jibu moja. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula lazima ithibitishwe kwa kipimo cha pili, ikiwezekana cha damu ya mshipa katika maabara.

Kipimo kinachoandikwa HbA1c hakihitaji mtu kukaa na njaa, kwa kuwa huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu. Asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, na 5.7 hadi 6.4 ni hali ya kukaribia. Lakini hutegemea chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zikiwa na hitilafu jibu huyumba. Kwa mgonjwa wa selimundu halifai kutegemewa. Hata mwenye kurithi chembechembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, hali iliyoenea Nyanza, Magharibi na Pwani, anaweza kupata jibu la chini kuliko sukari yake halisi. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kulipandisha, na mama aliyevuja damu wakati wa kujifungua hupata jibu la chini. Ndiyo sababu mwanamke wa mfano wetu alipewa glukosi.

Watoto hawapimwi ovyo. Mwenye uzani wa kupita kiasi, ambaye mzazi wake ana kisukari, au ambaye mama yake alikuwa na kisukari alipokuwa na mimba yake, au mwenye weusi ule wa shingoni, huanza kupimwa akiwa na miaka kumi au anapobalehe, likitangulia lolote. Majibu yakiwa sawa, hurudi baada ya miaka mitatu.

Ratiba hizi zote ni za watu wasio na dalili. Mtu mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu, hana tarehe ya kungoja. Apimwe siku hiyo hiyo, wakati wowote, awe amekula au hajala. Kwa mtoto, dalili hizo, pamoja na kukojoa kitandani kulikoanza upya, huweza kuwa kisukari cha aina ya kwanza. Akianza kutapika na kupumua kwa kasi, kilichobaki ni saa chache, na kituo kilicho karibu chenye mashine ya kuchoma kidole ndicho cha kukimbiliwa kwanza.