Msokoto wa Utumbo, si wa Tumbo

Mtu akisema tumbo linamsokota, tunaelewa: ni maumivu ya kuja na kuondoka. Msokoto wa utumbo, ambao madaktari huuita volvulasi, ni jambo jingine. Hapo utumbo wenyewe umejizungusha, na kwa mtoto mchanga chanzo chake mara nyingi ni mzunguko pungufu wa utumbo tangu tumboni mwa mama.

Mimba ikifika kama wiki ya sita, utumbo hutokeza kwenye kitovu. Hadi urudi ndani, karibu na wiki ya kumi, huwa umejizungusha jumla ya nyuzi 270 kinyume na saa, kisha hushikizwa: mwanzo wa utumbo mwembamba juu kushoto, mwisho wake chini kulia, karibu na kidole tumbo. Mzunguko usipokamilika, ncha hizo mbili hukaribiana, na utumbo huning'inia kwenye shina jembamba lenye mshipa wake mkuu wa damu, kama ndoo kwenye kamba. Ukijisokota, chakula hakipiti na damu haifiki. Na kwa kuwa kizuizi kiko chini ya pale nyongo inapoingia, matapishi huwa ya kijani.

Tuseme mtoto wa siku tano, kilo 3, yuko Nangwa, chini ya Mlima Hanang. Alikuwa ananyonya vizuri, sasa anatapika kijani. Tumbo ni laini, choo alishapata. Bibi atasema ni mchango, na ukimtazama mtoto huwezi kumlaumu. Lakini tumbo kujaa na choo chenye damu huja baadaye, utumbo ukiwa unakufa, na saa chache tu zinatosha kuuua. Si kila tapishi la kijani ni msokoto. Hata hivyo huhesabiwa hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Zahanati isimamishe kunyonya, ipitishe mpira puani hadi tumboni na kuuacha wazi, imfunike mtoto apate joto, na ianze dripu. Akiwa ameishiwa nguvu, hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo. Kwa huyu ni 30 hadi 60. Simu ipigwe kabla gari halijaondoka, kuuliza kama daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi wapo: Haydom, hospitali ya Walutheri wilayani Mbulu iliyofunguliwa 1955, au KCMC, Moshi. Altrasaundi huweza kuonyesha mishipa iliyojizungusha, ila mtoto aliyezidiwa hasubirishwi picha.

Upasuaji unaitwa wa Ladd, kwa jina la William Ladd wa Boston aliyeueleza mwaka 1936. Utumbo hutolewa nje na kuzungushwa kinyume na saa, kisha hufunikwa kwa vitambaa vya maji ya chumvi yenye uvuguvugu na kusubiriwa. Ukirudisha uwekundu, daktari hukata nyuzi zinazobana mwanzo wa utumbo, hupanua shina, huondoa kidole tumbo, kisha huulaza utumbo mwembamba kulia na mpana kushoto. Sehemu iliyokufa hukatwa. Ikibaki shaka, tumbo hufunguliwa tena baada ya saa 24 hadi 48, kutazama kilichopona.