Majina ya mwisho wa filamu: yapande bila kudunda, yasomeke hadi kwenye simu

Vijana wengi wa mkoa wa Pwani sasa wanatengeneza filamu fupi kwa simu, na waliosaidia hawalipwi: mwenye nyumba, mwenye pikipiki, mama aliyepika. Jina lao mwishoni ndilo malipo yao. Likipita bila kusomeka, hawajalipwa. Katika makala haya tunaeleza namna ya kupandisha majina juu ya picha ya mwisho ambayo tayari imesharekodiwa.

Tuchukue mfano. Kikundi cha Mkange kimemaliza filamu yake ufukweni. Picha ya mwisho ni jahazi linaondoka, na ina urefu wa sekunde 35. Majina yako kwenye mistari 36.

Kwa nini majina hudunda

Video ni picha nyingi zinazofuatana haraka, na kila moja huitwa fremu. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Skrini nayo imeundwa kwa nukta ndogo, yaani pikseli, na video ya kawaida iliyolala ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo.

Majina yakipanda pikseli 4 kamili kwa kila fremu, mwendo huwa laini. Yakipanda pikseli tatu na kitu, programu hulazimika kukisia: fremu hii inasogeza tatu, ile nne. Hapo maandishi hutetemeka. Utalijua tatizo hilo ukikazia macho mistari ya kulala ya herufi E au T. Ikimetameta au kuonekana miwili, kasi si namba kamili.

Hesabu ni fupi. Mpe kila mstari pikseli 80, pamoja na nafasi ya chini yake. Mistari 36 inakuwa pikseli 2880. Ongeza kimo cha skrini, 1080, kwa sababu majina huanza chini kabisa nje ya picha na kuishia juu kabisa nje ya picha. Safari nzima ni pikseli 3960. Kwa pikseli 4 kila fremu, yaani 120 kwa sekunde, inachukua sekunde 33 kamili, na kila jina linakaa machoni sekunde 9.

Kosa la kawaida ni kuyanyoosha majina yajaze sekunde zote 35. Kasi inakuwa pikseli 3.77, na kutetemeka kunaanza. Afadhali majina yaishe kwenye sekunde ya 33, halafu jahazi lionekane peke yake kwa sekunde mbili.

Namna ya kufanya kwenye simu

Andika majina yote kwenye picha moja ndefu isiyo na rangi ya nyuma, upana 1920 na kimo 2880. Iweke juu ya video katika programu ya kuhariri, kama CapCut au KineMaster, na uivute mpaka upana wake ulingane na upana wa video. Weka alama ya kwanza ya mwendo sekunde ya 0, picha ikiwa chini nje ya skrini, na ya pili sekunde ya 33, ikiwa juu nje ya skrini. Mwendo uwe wa kasi moja. Ukichagua ule wa kuanza polepole na kuishia polepole, hesabu yote inaharibika.

Kama filamu itapelekwa televisheni, ambako hapa kwetu hutumika fremu 25, anza na 25 tangu siku ya kurekodi. Kwa pikseli zilezile 4, majina yatachukua karibu sekunde 40, hivyo rekodi picha ya mwisho iwe ndefu zaidi.

Majina yasomeke

Herufi nyeupe husomeka vizuri juu ya maji yenye giza, lakini zikifika kwenye tanga na anga hupotea. Kwa kuwa kila jina linapita chini hadi juu, kivuli cha herufi peke yake hakitoshi. Weka tabaka jeusi lenye nguvu ya asilimia 50 kati ya video na majina, lifunike picha nzima. Liingie taratibu ndani ya sekunde ya kwanza, jina la kwanza linapoanza kupanda, ili mtazamaji asishtuke.

Chagua herufi nene kiasi, zisizo na mikia. Nyembamba huvunjika video inapopunguzwa ubora WhatsApp.

Mwisho, hamisha video iliyokamilika kwa fremu zilezile 30, kisha itazame nje, juani, simu ikiwa wima na video ikiwa ndogo. Soma kila jina kwa sauti. Jina usilowahi kulimaliza linahitaji herufi kubwa zaidi au pikseli 3 kwa fremu. Kwa pikseli 3 safari huwa sekunde 44, kwa hiyo fremu ya mwisho ya jahazi italazimika kusimamishwa mpaka majina yaishe.