Jumla

Katika nukuu za bei, neno hili hubeba zaidi ya maana moja, na mwanagenzi wa ununuzi asipolipima humpotosha msimamizi wake. Chukua mfano wa rimu 50 za karatasi, hapa Tanzania Bara. Muuzaji wa kwanza anaandika jumla ya 600,000, wa pili 675,000. Jedwali likinakili tarakimu hizo tu, wa kwanza anaonekana nafuu.

Soma maandishi madogo chini ya nukuu. Ya kwanza haijaweka Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, yaani 108,000. Mzigo muuzaji wake anaufikisha bure. Ya pili kodi imo, ila usafiri ni 20,000. Kwa hiyo ni 708,000 dhidi ya 695,000, na mpangilio umegeuka.

Napendekeza neno “jumla” lisisimame peke yake kwenye jedwali. Safu ya mwisho iitwe “gharama hadi stoo, pamoja na kodi”, na kabla yake ziwepo safu za bei kwa rimu, kodi na usafiri, ili msimamizi aihakiki hesabu mwenyewe. Nukuu isipotaja kodi, mwanagenzi asikisie. Ampigie muuzaji na kuomba jibu la maandishi.