Wasifu Bila Vyeti: Muuguzi Mkimbizi na Ushahidi wa Taaluma Yake

Kwa kawaida mwajiri huuchukulia wasifu kama maelezo, na cheti ndicho ushahidi. Kwa mtu aliyekimbia vita, cheti kimebaki kwenye nyumba iliyochomwa na mwajiri wa zamani hapatikani, kwa hiyo wasifu wenyewe hauna budi kubeba ushahidi. Makala haya yanadai kwamba unaweza kuubeba, mradi kila mstari uwe na jambo ambalo mjuzi wa kazi hiyo anaweza kulihoji.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa daraja la A2 kutoka Rutshuru, Kivu Kaskazini, aliyevuka mpaka mwaka 2022, kipindi ambacho waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, akaishia katika makazi ya Nakivale nchini Uganda. Akiandika "muuguzi mwenye uzoefu wa miaka minane", hakuna wa kumsadiki wala wa kumpinga. Lakini akiandika kwamba alikuwa kwenye kituo cha afya chenye wodi ya uzazi, kwamba alizalisha, alichanja watoto na kuandaa ripoti ya kila mwezi iliyokwenda ofisi kuu ya zoni ya afya, amempa msomaji mlango wa kuingilia. Anayeujua mfumo wa Kongo atamuuliza ripoti hiyo ilikuwa na nini, na jibu litamtofautisha muuguzi na mtu aliyewahi tu kuuguza.

Elimu nayo iandikwe kwa kiwango chake halisi. A2 hutolewa na shule ya ufundi wa tiba ya ngazi ya sekondari. Anayetoka taasisi ya juu ni A1. Nchini Uganda, stashahada ya uuguzi husomwa baada ya sekondari. Muuguzi wetu akijiandikia "stashahada" kwa sababu karatasi yake ya Kifaransa iliitwa diploma, atakuwa amejipandisha ngazi bila kujua, na siku ya mahojiano ataonekana mwongo. Ni salama zaidi kuandika aina ya shule, mahali, miaka ya masomo, masomo makuu na hospitali alikofanyia mafunzo ya vitendo. Asipoukumbuka mwezi, mwaka unatosha. Pengo la mwaka 2022 lijazwe kwa maneno mawili: kuhama vitani.

Kuna kasoro ndogo inayoharibu mengi, nayo ni jina. Mkongomani huwa na jina la ukoo, jina la pili na jina la Kikristo, na karani wa usajili anaweza kuliacha moja au kubadili mpangilio. Jina la kwenye kadi ya mkimbizi na lile la shuleni yaandikwe yote mawili juu ya wasifu, la sivyo barua ya mwenzake wa zamani itaonekana inamhusu mtu mwingine.

Wadhamini nao wanatafutika. Wenzake wa kazini waliokimbilia Kampala au Nairobi, hata mkufunzi wake, wanaweza kuandika waliyoyaona: walifanya kazi pamoja wapi, miaka gani, na alikuwa akifanya nini hasa. Barua ya namna hiyo ina uzito zaidi kuliko kiapo cha mahakamani, ambacho huthibitisha tu kwamba mtu aliapa. Kumwandikia aliyebaki nyumbani ni jambo la kupima kwanza, kwa maana ujumbe mmoja unaweza kumfichua anayejificha. Na cheti cha kughushi kisiguswe kabisa; kikigundulika, hata yaliyo kweli hayasadikiwi tena.

Njia hii ya kumhoji mtu badala ya kudai karatasi si ndoto. Norway imekuwa nayo kwa miaka mingi. Baraza la Ulaya likaanza mwaka 2017 kutoa pasipoti ya sifa za kitaaluma kwa wakimbizi: mwombaji hujaza dodoso, huhojiwa na watathmini, kisha hupewa hati inayoeleza elimu, uzoefu na lugha zake. Mwaka 2019 UNESCO ilijaribu pasipoti ya aina hiyo Zambia, nchi inayohifadhi Wakongomani wengi.

Hata hivyo hati hizo hazimpi mtu leseni. Uuguzi husimamiwa na baraza lake, na muuguzi wetu hawezi kuchoma sindano kwa nguvu ya mahojiano peke yake. Kwa sasa wasifu wake utamfungulia kazi za chini kidogo, kama uhamasishaji wa afya ya jamii au ukalimani wa zahanati, ambako pia atampata mdhamini aliye karibu.

Hapo kwenye leseni, lawama haiwezi kubaki kwa mkimbizi. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inaitaka nchi inayompokea mkimbizi imsaidie kupata hati ambazo kwa kawaida angezipata kwa mamlaka za kwao. Baraza linaloshikilia kwamba uthibitisho lazima utoke Kongo linamrudisha, kwa karatasi, mikononi mwa nchi aliyoikimbia. Lingeweza kumhoji, kumpima kwa vitendo wodini, kisha kumweka chini ya usimamizi wa muuguzi mwenye leseni kwa muda maalumu kabla ya kuamua.